Mkate Unapanda Jumatatu: Namna ya Kuhariri Tangazo la Bei Mpya

Soma tangazo hili. Limetungwa kwa ajili ya mwongozo huu, lakini ukipita Bukoba mjini au Muleba sentensi zake utazikuta zimebandikwa kwenye milango mingi:

*"TANGAZO! TANGAZO! TANGAZO! Ndugu mteja wetu mpendwa, uongozi unapenda kukutaarifu kuwa kutokana na kupanda kwa gharama za uendeshaji na hali ngumu ya uchumi duniani, tumelazimika kufanya maboresho madogo ya bei za bidhaa zetu. Maboresho hayo ya takriban asilimia 10 yataanza hivi karibuni, kuanzia tarehe moja. Kwa wateja wa mbali, gharama za usafiri nazo zitaongezeka kidogo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Mteja ni mfalme. Uongozi."*

Tuseme aliyeliandika ana kiwanda kidogo cha mikate Bukoba. Kila alfajiri kirikuu yake inapakia mikate na kuisambaza kwenye maduka ya Kashai na Hamugembe, kisha inashuka Kemondo na Muhutwe, inafika Muleba mjini, na mara mbili kwa wiki inapandisha Kamachumu. Wasomaji wa tangazo ni wenye maduka. Kila mmoja atalisoma akiwa na mambo mawili kichwani: Jumatatu nimpe dereva shilingi ngapi, na yule mama anayechukua mkate kila asubuhi nimwambie nini. Tangazo lote hilo halijibu hata moja.

Kosa la kwanza la mhariri ni kuanza kulinyoosha Kiswahili. Liweke pembeni kwanza, umkalishe mwenye kiwanda umuulize. Mara nyingi tangazo halieleweki kwa sababu aliyeliandika mwenyewe hajaamua. Muulize mkate upi unapanda, kutoka ngapi kwenda ngapi, kitu gani hasa kimepanda, na mkate wa kwanza wa bei mpya utatoka tanuri siku gani. Tuseme anakujibu hivi. Mkate mdogo wa gramu 400 anawauzia wenye maduka kwa shilingi 1,000 na anataka kufika 1,100. Mkubwa wa gramu 800 unatoka 1,900 kwenda 2,100. Skonzi anaziacha. Mfuko wa unga wa ngano wa kilo 25 aliokuwa akiununua shilingi 40,000 sasa anaupata kwa 49,000. Hizi ni tarakimu za mfano, weka zako. Ukimuuliza "wateja wa mbali" ni akina nani, anasita. Kemondo ni mbali? Kamachumu je? Nyongeza yenyewe ni kiasi gani? Hajui bado, anapiga hesabu ya dizeli.

Basi sentensi ya usafiri inatoka. Mwenye duka wa Muleba akisoma "zitaongezeka kidogo" atajaza mwenyewe kiasi kibaya kuliko vyote, na huenda akaanza kuulizia kiwanda kingine. Suala la usafiri likishaamuliwa litatangazwa kivyake, na likiwa halijaamuliwa halina nafasi kwenye karatasi.

Kiasi: bei ya zamani ikae pembeni ya mpya

Asilimia ifute kabisa. Mkate mdogo ukitoka 1,000 kwenda 1,100 umepanda asilimia 10 kamili, lakini mkubwa ukitoka 1,900 kwenda 2,100 umepita asilimia 10 na nusu. Mteja wa rejareja aliyekuwa akinunua mdogo kwa 1,200, akiuziwa 1,300, kwake nyongeza ni asilimia 8 na kitu. Kiwanda ni kile kile, tangazo ni moja, na asilimia ni tatu tofauti. Aliyeandika "takriban asilimia 10" hakudanganya, ila amemwachia kila msomaji kazi ya kuzidisha na kukadiria, na wawili wakikadiria watapata majibu mawili.

Mamlaka kubwa nazo hukutana na jambo hili. LATRA ilipotangaza nauli mpya zilizoanza Desemba 8, 2023, mabasi ya masafa marefu ya daraja la kawaida yalitoka shilingi 41.29 kwenda 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita. Kwa mdhibiti hiyo ndiyo tarakimu yenyewe. Kwa abiria aliyesimama stendi na begi lake haisemi kitu mpaka mtu amwambie kuwa safari ya kilomita 100 iliyokuwa shilingi 4,129 imekuwa 4,847. Mteja wako msemeshe kwa lugha ya stendi, yaani kiasi atakachokitoa mfukoni kwa kitu anachokijua kwa jina.

Kwa hiyo andika kila bidhaa kwenye mstari wake, uzito wake, bei iliyokuwapo, bei itakayokuwapo. Bei ya zamani usiifiche ukidhani utamkumbusha mteja machungu. Anaikumbuka. Ukiiacha nje, kinachopotea ni uthibitisho kuwa mnazungumzia mkate mmoja. Uzito nao uandikwe, kwa sababu mteja wa mkate anapoona bei imepanda huupima mkate kwa kiganja. Kama gramu hazijapungua, sema hazijapungua. Kama zimepungua, hilo ni ongezeko la pili la bei, na kulinyamazia ni kumuuzia mtu pungufu.

Sema pia bei hizo ni za nani. Kiwanda kinauza kwa jumla, duka linauza rejareja, na tangazo litabandikwa ukutani ambako mnunuzi wa mkate mmoja ataona 1,100 na kumuuliza mwenye duka kwa nini anamtoza 1,300. Hapo umempelekea mteja wako ugomvi. Andika waziwazi kuwa 1,100 ni bei ya mwenye duka, kisha utaje bei ya rejareja unayoipendekeza. Nasema "unayoipendekeza" kwa makusudi, kwa kuwa duka si lako na ukuta si wako. Kama unaweza, chapa karatasi mbili, ya mwenye duka ikae kwenye daftari lake na ya mnunuzi ikae ukutani ikiwa na bei za rejareja peke yake.

Halafu kuna lile ambalo halijabadilika, yaani skonzi. Mstari mmoja unatosha, na unaokoa simu nyingi, maana mtu akisikia "bei za bidhaa zetu" huhesabu kila kitu kimo.

Sababu: iwe moja, na izae kiasi ulichoongeza

"Gharama za uendeshaji" na "hali ya uchumi duniani" si sababu, kwani zinaweza kubandikwa kwenye tangazo lolote, la saluni au la shule. Sababu nzuri ina alama mbili. Mteja anaweza kuihakiki mwenyewe, na ukiipigia hesabu inafika kwenye nyongeza.

Kwa mikate, hakuna mteja mwenye uwezo wa kuhakiki kuliko mwenye duka, kwa sababu unga wa ngano anauuza yeye mwenyewe, umo kwenye rafu nyuma yake. Anajua umetoka ngapi umefika ngapi. Ukimwambia mfuko wa kilo 25 umepanda kwa shilingi 9,000 anatikisa kichwa kukubali kabla hajamaliza kusoma. Ukimwambia habari za vita na bahari anasubiri uingie kwenye jambo. Ni kweli kwamba Tanzania hununua nje sehemu kubwa ya ngano yake, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya ngano duniani iliruka na wauza mikate wa huku wakaisikia. Lakini hata mwaka ule maneno yaliyoeleweka Muleba ni bei ya mfuko.

Sasa ipigie hesabu kabla mteja hajaipiga. Muulize mwenye kiwanda mfuko mmoja unatoa mikate midogo mingapi. Tuseme anasema 90, ukishatoa inayoungua na inayovunjika. Mfuko umepanda 9,000. Gawa kwa 90, unapata shilingi 100 kwa mkate. Mkate mkubwa unakula unga mara mbili, kwa hiyo 200. Sababu imezaa nyongeza sawasawa, na tangazo limesimama. Hii ndiyo kazi ya mhariri ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayofichua mengi. Kama nyongeza ingekuwa shilingi 200 kwa mkate mdogo, sababu ya unga ingebeba nusu tu, na mwenye duka mwenye kikokotoo angeiona nusu ya pili ikielea. Hapo mrudie mwenye kiwanda. Labda kuni zimepanda, labda mshahara, labda ameona nafasi ya kuongeza faida. Sababu ya pili ya kweli iandikwe pamoja na kiasi chake. Kama haipo, mshauri apunguze nyongeza, au aiandike bei mpya bila sababu yoyote. Tangazo lisilo na sababu linaudhi, ila lenye sababu isiyotosha linakufanya uonekane mwongo.

Kwa hesabu hiyo hiyo skonzi inajieleza. Pakiti yake ina unga kidogo, nyongeza ingekuwa kama shilingi 50, na kutafuta chenji ya hamsini alfajiri kwenye kila duka ni kazi ambayo mwenye kiwanda ameona haina faida. Uamuzi ni wake, na kwenye tangazo hauhitaji maelezo.

Kuna sababu moja ambayo usiiandike kamwe: "wenye viwanda vya mikate tumekaa na kukubaliana." Watu huiandika wakidhani inawapa uzito, kwamba si mimi peke yangu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei, na sentensi hiyo ukiibandika ukutani umejiandikia ushahidi. Ukiikuta kwenye rasimu, usiishie kuifuta. Mwambie mwenyewe kwa nini umeifuta.

Kwa upande mwingine zipo bei ambazo mwenye biashara hajiamulii, kama nauli za mabasi au ankara za maji za mamlaka za mijini. Huko kibali ni sehemu ya sababu. Taja aliyekitoa na tarehe ya kukitoa, kwa kuwa ndilo swali la kwanza la abiria na la mtumia maji.

Tarehe: siku, tarehe, mwezi, mwaka, na inahesabiwa kwenye nini

"Kuanzia tarehe moja" inaweza kuwa tarehe moja ya mwezi wowote. Tangazo likipigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, litamfikia mtu wa Kaagya au Kamachumu wiki mbili baadaye, na "wiki ijayo" itakuwa imesogea pamoja naye. Andika siku, tarehe, mwezi na mwaka: Jumatatu, 2 Februari 2026. Kisha fungua kalenda uhakikishe siku na tarehe zinakubaliana. Zisipokubaliana, nusu ya wateja watafuata siku, nusu watafuata tarehe, na wote watakuwa na karatasi yako mkononi kama ushahidi. Kosa hili hutokea hasa pale mtu anapochukua tangazo la mwaka jana na kubadilisha tarakimu chache.

Mfano mzuri unatoka EWURA. Kila mwezi bei kikomo za mafuta huanza Jumatano ya kwanza, na tangazo hutaja hata saa, dakika moja baada ya saa sita usiku. Jedwali lake lina mstari wa Bukoba na mstari wa Muleba, mtu wa Muleba asilazimike kukisia bei yake kwa kutazama ya Dar es Salaam. Saa hiyo imewekwa kwa sababu pampu haifungi, na lazima pawe na dakika ambayo bei inageuka.

Kiwanda cha mikate kina tatizo linalofanana na hilo. Mikate huokwa usiku, ikapakiwa alfajiri, ikaliwa mchana. Ukiandika tu "kuanzia 2 Februari", mkate uliookwa Jumapili saa nne usiku na kufika dukani Jumatatu saa moja asubuhi ni wa bei gani? Kiwanda kitasema mpya. Mwenye duka aliyetoa oda yake Jumamosi na kulipa nusu atasema ya zamani. Wote wana haki, kwa kuwa tangazo halikusema bei inafuata kuokwa, kuagizwa, kulipiwa au kupokelewa. Chagua moja. Kwa bidhaa inayosambazwa kwa gari, kupokelewa ndiko kunakoonekana kwa macho, dereva yupo na mwenye duka yupo. Kisha toa neno kwa aliyekwisha kulipa. Kumheshimia bei ya zamani kwa mzigo alioulipia kunagharimu shilingi chache, na kubishana naye mbele ya wateja wake kunagharimu duka.

Ukitaja usiku, andika "usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu". "Usiku wa Jumatatu" peke yake wapo watakaouhesabu huu na wapo watakaouhesabu ule.

Muda kati ya tangazo na kuanza nao ni sehemu ya tarehe. Kwa mkate, ambao mwenye duka hawezi kuulimbikiza ukachacha, wiki mbili zinatosha kumpa nafasi ya kuwaambia wateja wake. Kwa saruji au sukari, wiki mbili ni mwaliko wa kujaza stoo, na hapo mwenye biashara aamue kama anaumudu. Tangazo lenyewe libebe tarehe lilipotolewa.

Tangazo baada ya kuhaririwa

*BEI MPYA YA MIKATE KUANZIA JUMATATU, 2 FEBRUARI 2026*

*Mkate mdogo (gramu 400): ulikuwa sh 1,000, utakuwa sh 1,100.*
*Mkate mkubwa (gramu 800): ulikuwa sh 1,900, utakuwa sh 2,100.*

*Hizi ni bei za jumla, mkate ukiletewa dukani kwako. Rejareja tunapendekeza sh 1,300 kwa mdogo na sh 2,400 kwa mkubwa. Uzito wa mikate haujapungua. Bei ya skonzi haibadiliki.*

*Tumeongeza kwa sababu mfuko wa unga wa ngano wa kilo 25 umepanda kutoka sh 40,000 hadi sh 49,000. Mfuko mmoja unatoa mikate midogo 90.*

*Mikate utakayoipokea hadi Jumapili, 1 Februari, ni ya bei ya zamani. Uliyokwisha kuilipia kabla ya Jumatatu, 2 Februari, utaipata kwa bei uliyolipia, hata ikifika baadaye.*

*Limetolewa Jumatatu, 19 Januari 2026. Ukiwa na swali mpigie …*

Jaza jina la mtu na namba yake, si "Uongozi". "Maboresho" yametoka, kwa kuwa bei ikipanda hakuna kilichoboreka upande wa mteja. Radhi ya usumbufu imetoka, maana hakuna usumbufu, kuna shilingi mia. "Mteja ni mfalme" imetoka kwa sababu ambayo mfalme yeyote ataielewa.

Wengi hawatalisoma kwenye karatasi, kwa hiyo tengeneza na meseji. Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi zikiwamo, na ukiweka kikatuni au alama isiyo ya kawaida uwezo unashuka hadi 70 na gharama inapanda. Hii ina 158:

*Bei ya mikate kuanzia Jumatatu 2/2/2026: mdogo toka 1,000 hadi 1,100, mkubwa toka 1,900 hadi 2,100. Skonzi bei ileile. Unga kg 25 umepanda 40,000 hadi 49,000.*

Kilichoachwa ni uzito, bei ya rejareja, idadi ya mikate kwa mfuko na habari ya malipo ya awali. Bei, tarehe na sababu zimebaki. Mafupisho yakikulazimisha kutupa kitu zaidi, sababu iondoke kabla ya tarehe, na tarehe iondoke kabla ya kiasi.

Sasa lijaribu. Mpe mtu asiyehusika na kiwanda, ikiwezekana muuza duka mwenyewe, asome mara moja, kisha uichukue karatasi. Muulize: Jumatatu ile ukichukua mikate mikubwa kumi unalipa ngapi? Akisema 21,000 bila kuomba karatasi, kiasi kimeingia. Muulize mikate ya Jumapili ni ya bei gani, halafu muulize kwa nini imepanda. Akijibu "maisha magumu" badala ya unga, sababu yako imejificha mahali, ipandishe juu. Usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo.

Mtu wa mwisho wa kumkumbuka ni dereva wa kirikuu, maana yeye ndiye atakayeulizwa, na ataulizwa kwa Kihaya, gari likiwa linaunguruma. Kaa naye mkubaliane sentensi moja ya sababu na namna ya kuisema kwa lugha hiyo. Dereva akisema ni mafuta na karatasi inasema ni unga, watu wataamini kuwa sababu zote mbili ni za kutunga.

Jumatatu ikifika, karatasi za bei ya zamani zibanduliwe na dereva mwenyewe akiwa anashusha mikate, duka kwa duka. Karatasi mpya iwekwe kwenye faili pamoja na risiti za unga, kwa sababu umetaja 49,000 hadharani. Unga ukirudi 42,000 miezi mitatu ijayo, mwenye duka wa Muhutwe atauona kwenye rafu yake kabla yako na atapiga ile namba uliyoiandika. Mwenye kiwanda aamue mapema atamjibu nini: kwamba bei itashuka unga ukikaa chini kwa mwezi mzima, kwa mfano, au kwamba itabaki na kwa nini. Jibu hilo liandikwe siku moja na tangazo, na nakala abaki nayo yule atakayepokea simu.